Mshikaji kabadilisha paswedi ya PSN mliyokuwa mnashea? Anza kwa kujua kagusa nini

Kwa wengi inaanza hivi. Unawasha PS4 jioni, unataka kupiga mechi mbili tatu, unakuta picha za magemu zote zina alama ya kufuli. Unabonyeza FC, inakwambia ingia kwanza kwenye PlayStation Network. Unaingiza paswedi, inakataa, unarudia taratibu herufi moja moja, inakataa tena. Halafu unakumbuka wewe na yule jamaa mmenuniana wiki ya pili sasa.

Naongelea akaunti ya PSN kwa sababu ndo niliyopitia mwenyewe na ndo tunayoshea sana huku, mmoja anafungua akaunti, mwingine mashine yake inawekwa kuwa Primary, mnachangia kadi ya dola 50 au 60, gemu moja mnacheza watu wawili kwenye nyumba mbili. Ni raha mpaka mkosane. Akaunti za simu kama Free Fire zina njia zake, humu sizigusi.

Kosa nililofanya mimi siku ya kwanza ni kumpigia simu nikiwa na hasira. Nilimtishia, akanijibu "poa", na ndani ya saa moja kitu ambacho kilikuwa paswedi tu kikawa paswedi pamoja na imeili. Kwaiyo kabla hujamwambia chochote, jua kwanza kagusa wapi. Akaunti ya PSN ina vitu vinne vya kuingilia na kila kimoja kina dawa yake: paswedi, imeili ya kulogini ambayo wao wanaiita Sign-In ID, uthibitisho wa hatua mbili unaotuma namba kwenye simu, na imeili yenyewe, yaani ile Gmail yako. Hiyo ya mwisho ndo mama wa zote. Ukiiacha wazi utakuwa unachota maji kwa pakacha.

Kitu kingine, usifute ile yuza kwenye PS4 yako eti ili uingize upya. Ukifuta yuza kwenye PS4, mashine inafuta na sevu zote za huyo yuza zilizo kwenye hadi diski, pamoja na picha na klipu zake. Acha ilivyo, iko salama hata kama haiwezi kuingia mtandaoni.

Kwanza angalia Gmail, hata kabla ya PlayStation

Fungua Gmail kwenye kompyuta, sio app ya simu, kwa sababu kuna vitu app haikuonyeshi. Chini kabisa kulia mwa inboksi kuna neno dogo la Details, libonyeze, linakuonyesha akaunti imefunguliwa lini na kutoka wapi. Halafu nenda kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya Security, uangalie Your devices. Mimi hapo nilikuta simu ambayo si yangu, nikaitambua palepale maana modeli yake naijua. Mwaka mmoja nyuma tulinunua gemu tukiwa kwake, simu yangu ilikuwa haina chaji, nikafungua imeili kwenye simu yake kuchukua risiti. Sikutoka. Kwaiyo muda wote huo jamaa alikuwa ananisomea inboksi.

Ukikuta kifaa kama hicho, kitoe hapohapo na ubadilishe paswedi ya Gmail kabla ya kugusa kingine. Kisha ingia Settings za Gmail, angalia sehemu mbili: Filters and Blocked Addresses, na Forwarding and POP/IMAP. Mtu mjanja anaweka filta inayofuta kila imeili yenye neno PlayStation, au anaelekeza nakala ziende kwake, wewe unakaa unasema mbona Sony hawanitumii linki. Filta ya namna hiyo inaendelea kufanya kazi hata baada ya wewe kubadilisha paswedi.

Pita pia kwenye Trash na Spam. Imeili iliyofutwa inakaa Trash siku 30 kabla haijapotea kabisa, kwaiyo kama tukio ni la juzi una bahati. Tafuta neno PlayStation. Mimi nilizikuta mbili humo Trash, moja inasema paswedi imebadilishwa, nyingine Sign-In ID imebadilishwa, zimepishana kama dakika 50. Piga skrinshoti, zitakusaidia baadaye kwa sababu zina tarehe na saa.

Kama Gmail yenyewe hauingii, ruka mpaka chini kidogo, nimeiwekea sehemu yake.

Dalili: paswedi inakataa, ila ukiomba kuriseti imeili inakuja

Hii ndo nafuu kuliko zote. Maana yake kabadilisha paswedi tu, Sign-In ID bado ni imeili yako. Kwenye ukurasa wa kulogini wa playstation.com bonyeza Trouble Signing In?, chagua kuriseti paswedi, weka imeili, fungua linki uliyotumiwa. Saa nyingine inakuuliza tarehe ya kuzaliwa uliyoandika wakati unafungua akaunti. Na hapo ndo wengi tunakwama, nitaeleza.

Ukishaweka paswedi mpya usikimbilie kucheza. Ingia kwenye Security ndani ya Account Settings, bonyeza Sign Out on All Devices, maana mashine yake inaweza kuwa bado imo ndani. Halafu washa uthibitisho wa hatua mbili kwa namba yako ya simu, na nakili zile Backup Codes 10 kwenye karatasi. Angalia pia kama kuna passkey ambayo hukuiweka wewe. Hii watu wanaisahau: passkey ni mlango wa pembeni, mtu anaingia kwa alama ya kidole ya simu yake bila hata kuulizwa paswedi, kwaiyo ukikuta ambayo si yako, itoe.

Dalili: linki inakuja, paswedi inabadilika, ila inataka namba ya uthibitisho inayoenda kwenye simu nyingine

Hapa kawasha hatua mbili kwa laini yake, au kwa app ya kutengeneza namba. Kama uliwahi kuiwasha mwenyewe zamani ukaweka zile Backup Codes, jaribu moja, labda hajatengeneza mpya. Kama hauna, hakuna njia ya wewe kuizima ukiwa nje, hiyo inataka sapoti. Ila uko pazuri, kwa sababu imeili bado yako na huo ni ushahidi mzito. Usikae ukibahatisha namba, ukikosea mara nyingi mfumo unakufungia kwa muda.

Na wale wanaosema kwenye magrupu ya Telegram kwamba wanatoa hatua mbili kwa elfu thelathini, waache. Hawana mlango wowote. Watakuomba imeili, paswedi na namba itakayoingia kwenye simu yako, na ukishawapa hizo tatu wamekuwa wamiliki wapya, sasa una maadui wawili.

Dalili: unaomba kuriseti, ukurasa unasema imeili imetumwa, haiji

Hii inachanganya watu. Ukurasa unakwambia angalia inboksi yako, wewe unaangalia siku nzima. Ukweli ni kwamba mfumo haukwambii kama imeili hiyo ina akaunti au haina, unatoa jibu lilelile ili mtu asiweze kuchunguza imeili za wenzake. Kwaiyo "imetumwa" sio ushahidi wa chochote.

Kama umeshakagua filta, Trash na Spam na hamna kitu, basi Sign-In ID imehamishwa kwenye imeili yake. Uhakikishe kwa njia rahisi: chukua akaunti nyingine yoyote ya PSN, ya mdogo wako au fungua mpya, tafuta lile jina lako la kuchezea, Online ID. Likionekana lipo, picha ileile, vikombe vilevile, basi akaunti haijafutwa, imebadilishwa tu mlango. Hata kama kabadilisha na jina, angalia orodha ya marafiki wa mtu mliyecheza naye, utaikuta na jina jipya. Andika majina yote mawili, la zamani na jipya.

Hapa hakuna ujanja wa kufanya peke yako, ni sapoti ya PlayStation, na kazi yako ni kuwathibitishia kwamba akaunti uliifungua wewe. Hii ndo sehemu inayohitaji kutulia.

Kuongea na sapoti

Jua kwanza akaunti yako ni ya nchi gani. Sio wewe unakaa wapi, akaunti. Ukifungua PSN, Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi, kwaiyo wengi wetu tuliweka Marekani, wengine Uingereza, wengine Afrika Kusini, na anwani tuliokota huko mtandaoni. Sapoti inafuata nchi ya akaunti. Yangu ni ya Marekani, kwaiyo nilitumia chati ya ukurasa wao wa Marekani. Saa tatu asubuhi ya California kwetu ni saa moja usiku, na miezi ya baridi ya huko ni saa mbili usiku, kwaiyo usiingie saa nne asubuhi ya Dar ukashangaa hakuna mtu, huko ni usiku wa manane. Chati inaanza na maswali ya kubonyeza, unayapita mpaka unafika kwa mhudumu. Kizungu cha kawaida kinatosha, sentensi fupi.

Wanachouliza kinazunguka haya: Sign-In ID ya zamani, Online ID, tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye akaunti, namba ya siriali ya mashine uliyoitumia, na taarifa ya manunuzi. Yaandae kabla hujafungua chati, maana ukianza kutafuta katikati chati inakatika.

Tarehe ya kuzaliwa ndo iliyoniangusha mimi mara ya kwanza. Niliulizwa, nikajibu kwa kujiamini tarehe yangu halisi. Haikufanana. Mhudumu akasema hawezi kuendelea, tukaishia hapo, na kwa upande wake yuko sahihi, mtu asiyejua tarehe ya kuzaliwa ya akaunti yake anaonekana mwizi. Nikakaa chini nikajiuliza, mwaka 2019 nikiwa nafungua hii kitu nilikuwa na haraka ya nini. Nikakumbuka nilishusha mwaka tu, siku na mwezi sikugusa. Fungua ukurasa wa kutengeneza akaunti mpya uone vile visanduku vinavyokaa, akili itarudi. Wengi ni Januari mosi ya mwaka fulani wa kubuni. Yangu ilikuwa 1 Januari 1990, na mimi 1990 sijazaliwa. Ila usimpe mhudumu tarehe tatu ajaribishe, inaonekana unabahatisha. Fikiri kwanza, nenda na moja.

Namba ya siriali. Iko kwenye stika nyuma ya PS4, na kwenye boksi lake. Kwenye PS5 iko kwenye stika na pia ndani ya Settings, System, System Software, Console Information. Yenye uzito zaidi ni ya mashine ya kwanza kabisa uliyoitumia na akaunti hiyo, kwa sababu mshikaji wako hawezi kuwa nayo. Shida ni kwamba mashine ya kwanza wengi tulishaiuza. Mimi niliiuza 2022, boksi lilishatupwa. Nilichofanya nilirudi WhatsApp kwenye chati ya yule aliyenunua, nikapandisha juu mpaka mwaka huo, nikakuta nilimtumia picha nne za mashine, mbele, pembeni, pedi, na nyuma. Ile ya nyuma nikaikuza, stika inasomeka, herufi moja tu sikuwa na uhakika kama ni B au 8. Ukiuza mashine mtu huwa anaomba picha ya nyuma kuona matundu ya HDMI, kwaiyo hata wewe inawezekana unayo na hujui. Vinginevyo mwombe aliyenunua akupigie picha, haimgharimu kitu.

Taarifa ya manunuzi. Kila ukinunua kitu PlayStation Store inakuja imeili ya shukrani yenye Order Number. Tafuta ya zamani kuliko zote, sio ya juzi. Kama ulilipa kwa kadi ya benki, namba nne za mwisho za kadi hiyo zinasaidia. Kama ulitumia gifti kadi kama sisi, zile herufi na namba 12 ulizoingiza ni ushahidi, na mara nyingi muuzaji alikutumia kwa meseji au picha. Usizifute hata kama zimeshatumika.

Sasa useme nini. Hapa watu wanatofautiana, mimi msimamo wangu ni kusema ukweli kwa ufupi. Usitunge kwamba umevamiwa na mtu usiyemjua kutoka nchi fulani, kwa sababu mashine ya mshikaji wako imekuwa ikiingia kwenye hiyo akaunti miezi na miezi kwa ruhusa yako, na ndo hiyohiyo ilikuwa Primary, hadithi yako itapishana na wanachokiona. Na kushea paswedi ni kinyume na masharti yao, kwaiyo usianze kusimulia mapatano yenu ya kuchangia pesa, hayawahusu na hawaamui kesi za marafiki. Mimi niliandika hivi mara ya pili:

```
I created this account in 2019. Someone who knew my password
changed the Sign-In ID without my permission. I no longer have
access. I can give the original email, the serial number of my
first PS4 and order numbers.
```

Akaniuliza moja moja, nikampa. Ile B au 8 nikamwambia wazi kwamba picha haisomeki vizuri hapo. Akanyamaza kama dakika kumi, nikadhani tumeachana, akarudi akaniomba imeili ambayo nataka akaunti irudi. Hapa jamani, toa imeili ambayo jamaa hajawahi kuigusa. Mimi nilitengeneza mpya kabisa. Ikaja linki ya kuweka paswedi, na kuanzia hapo ni yale ya juu: toa vifaa vyote, washa hatua mbili, nakili Backup Codes.

Kama wewe sio uliyefungua akaunti, yaani ulinunua "akaunti yenye magemu" kwa mtu, au jamaa ndo aliifungua na wewe ukawa unaweka hela, sapoti haitakurudishia hata ukiwa na risiti kumi. Kwao mmiliki ni aliyeifungua. Hiyo inabaki kuwa deni kati yako na yeye, dai hela yako kama unavyodai hela nyingine.

Na usiende benki kuomba warudishe hela uliyolipia magemu ukidhani unamkomoa. Malipo yakirudishwa, pochi ya akaunti inakuwa na deni na akaunti inafungwa mpaka deni lilipwe. Utakuwa umeifunga akaunti unayoitafuta.

Dalili: Gmail nayo imeenda

Kama kabadilisha paswedi ya Gmail na namba ya simu ya kurejesha, muda ni kitu kikubwa. Google wakiona namba ya kurejesha imebadilishwa, bado wanaweza kukupa nafasi ya kutumia ile ya zamani kwa siku 7. Baada ya hapo mlango huo unafungwa. Kwaiyo siku hiyohiyo nenda g.co/recover.

Fanya ukiwa na simu au kompyuta unayoitumia siku zote, kwenye brauza ileile, nyumbani, kwenye intaneti ileile. Google inaangalia hivyo vitu. Ukienda kwenye intaneti kafee au ukaomba simu ya jirani unajiharibia. Ukiulizwa paswedi ya mwisho unayoikumbuka, weka ya zamani, hata kama unajua haifanyi kazi, wao wanataka kuona uliwahi kuijua. Na hakikisha laini ya kurejesha bado ni yako na iko hewani, kuna mtu namjua aliweka laini aliyoiacha miaka, ikawa imeshauzwa kwa mtu mwingine.

Ikirudi, ndo unaanza na PlayStation. Ukianza na PlayStation wakati Gmail bado iko kwake, kila linki unayotumiwa anaisoma yeye.

Dalili: umeingia, kila kitu kipo, ila magemu bado yana kufuli ukikata intaneti

Akaunti imerudi lakini mashine yake bado ndo Primary. Gemu la kidijitali kwenye mashine ambayo sio Primary linataka uwe mtandaoni kila mara lithibitishe leseni, na yeye huku anacheza magemu yako kwa yuza yake bila hata kuhitaji paswedi. Watu wengi wanadhani kubadilisha paswedi kunamtoa. Hakumtoi, kwa sababu yeye hahitaji kuingia.

Ingia kwenye Account Settings kwa brauza, Device Management, tafuta chaguo la kutoa vifaa vyote, Deactivate All Devices. Hii unaruhusiwa mara moja tu kwa miezi 6, kwaiyo usiitumie kabla akaunti haijawa mikononi mwako sawasawa. Akiinyakua tena wiki ijayo utakuwa umeshatumia risasi yako. Na kama yeye aliitumia juzi wakati akaunti iko kwake, utasubiri. Ukimaliza, kwenye PS4 yako nenda Settings, Account Management, Activate as Your Primary PS4. Kwenye PS5 ni Users and Accounts, Other, Console Sharing and Offline Play.

Dalili: PSN imerudi, ila timu yako ya Ultimate Team hauioni au EA wanakataa

Hii ni akaunti nyingine kabisa. Timu ya FC inakaa kwenye akaunti ya EA iliyounganishwa na PSN yako, na akaunti ya EA ina imeili yake na paswedi yake. Kama alibadilisha na huko, kurudisha PSN hakurudishi EA. Usifungue akaunti mpya ya EA ukijaribu kuunganisha kwa haraka, unaweza ukajifunga. Nenda help.ea.com, sema PSN yako imeunganishwa na akaunti ya EA ambayo huna imeili yake. Ukiwa tayari unaingia PSN kazi ni nyepesi zaidi, ndo maana nimeiweka mwisho.

Mchezaji aliyeuzwa na koini zilizotumika usihesabu, mimi nilikuta timu nzima imebaki na wachezaji wa shaba.

Jamaa mwenyewe alipiga simu siku ya tatu baada ya kumtoa. Hakuomba radhi, alitaka hela yake ya FC 25, tulichangia nusu kwa nusu. Nikamtumia, alikuwa na haki nayo, na hilo nadhani ningelifanya mwanzo tusingefika huko. Siku hizi nikimwekea mtu akaunti kwenye mashine yake naenda mwenyewe, naandika paswedi kwa pedi yake huku kageuka, namba ya uthibitisho inakuja kwenye simu yangu, naweka mashine iwe Primary, nawasha Require Password at Checkout ili asinunue kwa pochi yangu. Anacheza kila kitu kwa yuza yake, paswedi haijui, na bila paswedi hawezi kuhamisha Sign-In ID.